Kotesheni Inayojijumlishia Yenyewe

Milango miwili ya alumini na neti sita za mbu: shilingi 375,007,500. Fomu ya kotesheni iliyotengenezwa kwa haraka inaweza kumwandikia mteja bei kama hiyo, kwa tarakimu safi zilizopangwa na koma zake, ilhali hesabu ya kweli ni shilingi 45,000. Kompyuta haijaharibika wala karani hajakosea kuandika. Kosa limo kwenye mistari michache ya msimbo iliyofichwa nyuma ya kisanduku cha jumla, na anayeelewa fomu hizi zinavyofanya kazi hulitambua kwa kuitazama tu hiyo namba.

Kwa nini mtu ajisumbue na PDF, na Excel ipo? Wengi wanaoandika kotesheni kila siku wana jibu moja: karatasi. Kotesheni ina nembo, sanduku la posta, masharti ya malipo na mahali pa sahihi, na mteja anatarajia kuiona vilevile kwenye skrini yake kama ilivyo kwenye skrini ya aliyeiandaa. PDF, ambayo kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993, ilibuniwa kwa ajili ya jambo hilo hasa. Maandishi hayahami, jedwali halipasuki, na herufi hazibadiliki kwa sababu mpokeaji ana programu tofauti. Kinachokosekana ni hesabu. Fomu ya kawaida ya PDF ni karatasi tu: karani anakokotoa pembeni kwa kikokotoo, kisha anaandika jibu, na siku anapobadilisha idadi dakika ya mwisho anasahau kubadilisha VAT.

Hapo ndipo JavaScript inapoingia. Lugha hiyo iliundwa na Brendan Eich mwaka 1995 akiwa kampuni ya Netscape, kwa ajili ya kurasa za wavuti. Adobe nao waliipachika kwenye fomu zao, wakaiongezea msamiati wao wenyewe wa kushughulikia kurasa na visanduku. Anayejua JavaScript ya wavuti ataitambua sarufi, lakini maneno kama `this.getField` na `event.value` ni ya ulimwengu wa PDF. Asiyejua kabisa naye asiogope, maana fomu nzima ya kotesheni inahitaji skripti nne fupi tu.

Tuchukue karakana ya madirisha ya alumini iliyoko Changamwe, Mombasa. Kotesheni yake ina jedwali la mistari minane. Kila mstari una maelezo ya bidhaa, idadi, bei ya kimoja na jumla ya mstari. Chini ya jedwali kuna jumla ndogo, kiwango cha VAT, VAT yenyewe na jumla kuu. Siku hiyo mteja anataka madirisha sita ya kusukuma kwa shilingi 9,500 kila moja, milango miwili kwa 18,750, na neti sita kwa 1,250. Mstari wa kwanza unatoa 57,000, wa pili 37,500, wa tatu 7,500. Jumla ndogo ni 102,000, VAT ya asilimia 16 ni 16,320, na jumla kuu 118,320. Namba hizo afadhali ziandikwe pembeni kabla ya kuanza, kwa sababu fomu isiyopimwa kwa hesabu ambayo jibu lake linajulikana haijapimwa.

Karatasi yenyewe inaandaliwa popote, hata kwenye Word, kisha inahifadhiwa kama PDF. Baada ya hapo inafunguliwa kwenye Acrobat Pro, programu ya kulipia ya Adobe, na kuingizwa kwenye zana iitwayo Prepare Form. Zana hiyo hujaribu kubahatisha visanduku vikae wapi na viitwe nini, na mara nyingi majina inayoyatoa ni ya ovyo. Ni afadhali kuyafuta yote na kuchora upya. Asiyekuwa na pesa ya Acrobat Pro anaweza kutumia Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, ambayo nayo inaruhusu kuweka visanduku vya PDF na skripti zake za hesabu, ingawa inamtaka mtumiaji awe na subira zaidi.

Majina ya visanduku ndiyo msingi wa kila kitu, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika hata kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo. Njia inayorahisisha maisha ni kutumia nukta na namba ya mstari: idadi za mistari ziitwe `idadi.1`, `idadi.2` hadi `idadi.8`, bei ziitwe `bei.1` hadi `bei.8`, na jumla za mistari `jumla.1` hadi `jumla.8`. Chini kuwe na `jumlandogo`, `kiwango`, `vat` na `jumlakuu`. Acrobat hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo `Bei.1` na `bei.1` kwake ni visanduku viwili tofauti.

Kuna mtego mwingine hapo. Karani akichora kisanduku cha idadi mara moja kisha akakinakili na kukibandika mara saba bila kubadilisha jina, Acrobat haitamkataza. Visanduku vyote vinane vitakuwa kitu kimoja chenye sura nane, na akiandika 6 kwenye mstari wa kwanza, 6 zitajitokeza mistari yote. Tabia hiyo inafaa sana kwa jina la mteja linalopaswa kuonekana kila ukurasa. Kwenye jedwali la bei haifai kabisa. Dalili yake iko wazi, na dawa ni kumpa kila mmoja jina lake.

Visanduku vikishawekwa, kila kimoja cha namba kinafunguliwa sifa zake na kwenye ukurasa wa Format kinachaguliwa aina ya Number. Bei na jumla zipewe desimali mbili na koma ya kutenganisha maelfu. Hatua hii inafanya kazi mbili. Ya kwanza inaonekana: 57000 inaandikwa 57,000.00. Ya pili ni ulinzi: kisanduku kitakataa herufi, kwa hiyo hakuna atakayeandika "6 pisi" mahali pa idadi na kuivuruga hesabu. Lakini ifahamike tangu sasa kwamba Format inabadilisha sura tu. Thamani iliyomo ndani inabaki vilevile ilivyokuwa, na tofauti hiyo kati ya kinachoonekana na kilichomo itakuja kuleta ugomvi wa senti moja.

Kwenye ukurasa wa Calculate, Acrobat inatoa njia tatu. Ya kwanza ni ya kuchagua tu kwenye orodha: kisanduku kiwe jumla au zao la visanduku fulani. Kwa `jumla.1` mtu angechagua zao la `idadi.1` na `bei.1`, akamaliza bila kuandika msimbo wowote. Njia hiyo inafanya kazi, na kwa fomu ya mistari miwili mitatu inatosha. Upungufu wake unaonekana fomu inapochapishwa: mistari mitano isiyotumika inaandikwa 0.00 kila mmoja, na mteja anabaki anajiuliza kuna bidhaa gani za bure. Pia haikadirii senti. Njia ya pili, Simplified field notation, inaruhusu kuandika kanuni fupi ya hesabu, lakini nukta kwenye majina huisumbua na huwezi kuweka masharti. Njia ya tatu inaitwa Custom calculation script, na ndiyo inayofaa kazi hii.

Skripti ya jumla ya mstari ni hii:

```
var n = event.target.name.split(".")[1];
var idadi = Number(this.getField("idadi." + n).value);
var bei = Number(this.getField("bei." + n).value);
var t = Math.round(idadi * bei * 100) / 100;
event.value = (t > 0) ? t : "";
```

Mstari wa kwanza ndio unaolipa gharama ya kupanga majina vizuri. `event.target` ni kisanduku chenyewe kinachokokotolewa. Skripti inasoma jina lake, tuseme `jumla.3`, inalikata kwenye nukta na kubaki na 3. Kisha inaitafuta `idadi.3` na `bei.3`. Kwa kuwa kila kisanduku kinajisomea namba ya mstari wake, skripti hiyohiyo inabandikwa kwenye visanduku vyote vinane bila kugusa hata herufi moja. Anayeandika skripti nane tofauti, moja kwa kila mstari, huwa anasahau kubadilisha namba mahali pamoja, na mstari wa saba unaanza kuzidisha bei ya mstari wa sita.

Mstari wa mwisho ndio unaoifanya karatasi ipendeze. Jibu likizidi sifuri linaandikwa. Lisipozidi, kisanduku kinaachwa kitupu. Chochote kinachopewa `event.value` ndicho kinachotokea kwenye kisanduku. Hakuna amri nyingine ya kuandika.

Sasa tunaweza kurudi kwenye zile milioni 375. Mtu anayeandika skripti ya jumla ndogo kwa mara ya kwanza huandika jambo linaloonekana sahihi kabisa:

```
event.value = this.getField("jumla.1").value
  + this.getField("jumla.2").value
  + this.getField("jumla.3").value;
```

Anaijaza mistari yote mitatu, anapata 102,000, anafurahi. Wiki moja baadaye mteja mwingine hataki madirisha, anataka milango na neti tu, na karani anauacha mstari wa kwanza wazi. Kwa JavaScript kisanduku kitupu hakina sifuri. Kina maandishi yasiyo na herufi, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi haijumlishi bali inaunganisha. Utupu ukiunganishwa na 37500 unatoa maandishi "37500". Hayo yakiunganishwa na 7500 yanatoa "375007500". Kisha Format inakuja kuyapamba kwa koma: 375,007,500.00.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha. Mistari ikijazwa kuanzia juu kwenda chini bila kuruka, jibu huwa sahihi: 57000 na 37500 zinajumlishwa kama namba kwanza na kutoa 94500, halafu utupu wa mstari wa tatu unabandikwa mwishoni bila kubadilisha chochote. Fomu inaweza kutumika miezi mitatu bila lawama. Siku mstari wa katikati unapofutwa ndipo mambo yanalipuka, 57000 na 7500 zikawa 570,007,500. Kwa hiyo anayeijaribu fomu mpya asiridhike na kuijaza vizuri. Aache mstari wa kwanza wazi, kisha wa kati, na kila mara alinganishe na kikokotoo. Namba kubwa kupita kiasi, ambayo ukiitazama unaziona jumla za mistari zimeandikwa zikifuatana ndani yake, ni dalili ya ugonjwa huu na si mwingine.

Dawa ni neno `Number`, ambalo hugeuza utupu kuwa sifuri kabla ya kujumlisha:

```
var s = 0;
for (var i = 1; i <= 8; i++) {
  s += Number(this.getField("jumla." + i).value);
}
event.value = Math.round(s * 100) / 100;
```

Kuzidisha hakukuwa na tatizo hilo, kwa sababu alama ya kuzidisha haina kazi nyingine kwenye maandishi. JavaScript inalazimika kuyageuza kuwa namba. Ndiyo maana fomu nyingi zina jumla za mistari zilizo sahihi kabisa na jumla ndogo ya ajabu chini yake.

Inabaki VAT. Wengi wangeandika 0.16 ndani ya skripti na kuendelea na safari. Historia ya karibuni ya Kenya inaonyesha kwa nini hilo ni kosa. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa janga la korona, serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Karakana iliyokuwa imezika kiwango ndani ya msimbo ilihitaji mtu mwenye Acrobat Pro kuifungua fomu mara mbili katika miezi tisa, na kila kompyuta ofisini ilitakiwa kupata nakala mpya. Mteja wa madirisha yetu angetozwa VAT ya 16,320 badala ya 14,280; tofauti ya shilingi 2,040 kwa kotesheni moja ndogo. Na karakana hiyohiyo ikipata kazi Tanzania Bara, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 18, fomu haitaweza kutumika.

Kiwango kikae kwenye kisanduku chake, `kiwango`, chenye thamani ya kuanzia 16 iliyowekwa kwenye sifa zake. Skripti ya `vat` inakisoma:

```
var s = Number(this.getField("jumlandogo").value);
var k = Number(this.getField("kiwango").value);
event.value = Math.round(s * k) / 100;
```

Hapa kugawa kwa mia kunafanya kazi mbili kwa pamoja: kunageuza 16 kuwa asilimia, na kwa kuwa `Math.round` imekwisha kufanya kazi yake kabla ya kugawa, jibu linatoka limekadiriwa hadi senti. Kisanduku cha `jumlakuu` nacho kinajumlisha `jumlandogo` na `vat`, vyote vikiwa ndani ya `Number` kama hapo juu. Namba zinazotoka zinapaswa kuwa 102,000.00, 16,320.00 na 118,320.00.

Zisipotoka hivyo, mara nyingi chanzo ni mpangilio. Acrobat haikokotoi herufi kwa herufi. Inasubiri mtu atoke kwenye kisanduku, kwa kubonyeza Tab au kubofya kwingine, ndipo inapita kwenye orodha ya visanduku vyote vyenye hesabu, kimoja baada ya kingine, mara moja tu. Orodha hiyo kwa kawaida inafuata jinsi visanduku vilivyoundwa. Mtu aliyeanza kwa kuchora jumla kuu chini ya ukurasa, kisha akapanda juu kwenye mistari, ameiweka jumla kuu iwe ya kwanza kukokotolewa, kabla ya vile inavyovitegemea.

Matokeo yake ni jumla inayochelewa hatua moja. Mteja anapiga simu: "Bosi, madirisha yawe saba, si sita." Karani anaandika 7. Jumla ya mstari inapanda hadi 66,500, jumla ndogo 111,500, VAT 17,840. Lakini jumla kuu imebaki 118,320, ile ya zamani. Akigusa kisanduku kingine chochote na kubadilisha kitu, jumla kuu inaruka hadi 129,340, namba iliyotakiwa tangu mwanzo. Kosa hili ni la hatari kuliko lile la mamilioni, kwa sababu 118,320 ni bei inayoaminika. Haimshtui mtu. Inatumwa, na mteja anadai dirisha la saba kwa bei iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Kurekebisha kunachukua dakika moja. Ndani ya Prepare Form, kwenye menyu ya More, kuna Set Field Calculation Order. Orodha inafunguka, na visanduku vinasogezwa juu au chini: kwanza `jumla.1` hadi `jumla.8`, kisha `jumlandogo`, kisha `vat`, mwisho `jumlakuu`. Kila mara kisanduku kipya cha hesabu kinapoongezwa, tuseme cha gharama ya usafiri, orodha hiyo irudiwe kutazamwa.

Kosa la tatu halionyeshi namba yoyote: kisanduku kinabaki kitupu. Kwa kawaida skripti imetaja jina lisilokuwepo, pengine `jumla.08` au `Jumla.8`. `getField` isipopata kitu inarudisha `null`, na skripti inakufa hapo hapo bila kumwambia mtu aliye mbele ya fomu. Inachosema inakisema kwingine: kwenye Acrobat Pro ya Windows, Ctrl+J inafungua dirisha la JavaScript ambamo kosa limeandikwa pamoja na namba ya mstari wake. Anayetengeneza fomu aliache dirisha hilo wazi muda wote wa kazi. Kuna pia ujumbe unaodai thamani iliyoingizwa hailingani na muundo wa kisanduku. Hata kama karani hajaandika kitu cha ajabu, ujumbe huo hutokea skripti inapojaribu kuweka jibu ambalo si namba kwenye kisanduku kilichopewa Format ya Number, kwa mfano baada ya kugawa kwa sifuri.

Ule ugomvi wa senti moja unawapata zaidi wanaouza kwa kipimo. Karakana yetu ikiuza kioo kwa mita ya mraba, kipande cha mita 1.35 kwa 0.90 ni mita za mraba 1.215. Kwa bei ya shilingi 2,450.50, jumla ya mstari ni 2,977.3575. Kisanduku kinaonyesha 2,977.36, lakini ndani kimehifadhi tarakimu zote. Mteja akinunua vipande vitatu vilivyoandikwa mistari mitatu tofauti, jumla ndogo itatoka 8,932.07, wakati mhasibu wake akijumlisha zile namba tatu zinazoonekana kwenye karatasi anapata 8,932.08. Yeye ndiye yuko sahihi. Karatasi inapaswa kujumlika kwa namba zilizochapishwa juu yake. Ndiyo maana skripti ya mstari inazidisha kwa mia, inakadiria kwa `Math.round`, kisha inagawa kwa mia. Senti zinakatwa kwenye kila mstari, kabla hazijafika kwenye jumla.

Baada ya hapo fomu inatoka mikononi mwa mtengenezaji, na swali linakuwa itafunguliwa kwa programu gani. Kwenye kompyuta, Acrobat Reader ya bure inaendesha skripti hizi bila shida, mradi JavaScript haijazimwa kwenye mipangilio yake. Ofisi nyingine huizima kwa makusudi, kwa sababu faili za PDF zenye skripti zimewahi kutumika kusambaza virusi. Foxit Reader nayo inaziendesha. Chrome inaelewa hesabu za kawaida za fomu, na Firefox ilianza kuziendesha mwaka 2021 kuanzia toleo la 88. Preview ya Mac haiziendeshi: visanduku vinaonekana, vinajazika, lakini jumla haisogei. Programu nyingi za kusomea PDF kwenye simu ni hivyohivyo, na faili iliyofunguliwa moja kwa moja ndani ya WhatsApp ni ya kutazamwa tu.

Kwa sababu hiyo fomu hai ibaki ofisini, na mteja apelekewe nakala iliyoganda. Kuna sababu nyingine pia: fomu hai ikimfikia mteja, anaweza kuandika 7,500 mahali pa 9,500, na jumla itamfuata kwa utiifu hadi senti ya mwisho. Kukifanya kisanduku cha bei kuwa Read Only si kinga, kwani mwenye Acrobat Pro anakifungua kwa kubofya mara moja. Kwa visanduku vya jumla, hata hivyo, Read Only inafaa, maana inamzuia karani mwenyewe kuandika juu ya hesabu kwa bahati mbaya.

Njia rahisi ya kugandisha kwenye Windows ni kuichapisha fomu iliyojazwa kwa Microsoft Print to PDF. Inatoka PDF mpya isiyo na visanduku wala skripti, namba zikiwa zimekuwa maandishi ya kawaida. Mwenye Acrobat Pro anaweza kufungua dirisha la JavaScript na kuendesha amri moja:

```
this.flattenPages();
```

Amri hiyo haina kurudi nyuma. Iendeshwe kwenye nakala, na nakala ihifadhiwe kwa jina jipya lenye namba ya kotesheni, ili fomu yenye visanduku vyake ibaki kwa ajili ya mteja anayefuata. Na mteja akishakubali bei, kotesheni haigeuki kuwa ankara ya kodi kwa kubadilishiwa kichwa cha habari: nchini Kenya ankara hiyo inatolewa kupitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato.